Uzi: Duka la pembejeo Igurusi, wateja wa mkopo wengi. Ninunue programu ya uhasibu au nibaki na Excel?

Wa Igurusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina duka la pembejeo Igurusi, pale barabara kuu ya Tunduma, na stoo ndogo Uyole. Mwenyewe naishi Mbeya mjini, dukani nafika wikiendi na siku ninayopeleka mzigo. Kuna muuzaji mmoja, kijana mtulivu, anayejua kompyuta vizuri.

Kumbukumbu zote ziko kwenye Excel ndani ya laptopu ya dukani: mauzo, stoo na madeni. Madeni ndiyo mzigo wenyewe. Kuanzia mvua za Novemba hadi Februari nakopesha DAP, UREA na dawa za magugu, wakulima wa mpunga wanalipa wakishavuna, kuanzia mwezi wa sita.

Jambo linalonisumbua ni hili. Kila jioni kijana ananitumia picha ya droo na picha ya Excel, na vinakubaliana mpaka shilingi mia. Lakini juzi mkulima kaniambia amelipa nusu ya deni lake wiki mbili zilizopita, na Excel inasema hajalipa kitu. Kumuuliza kijana, akasema alisahau, akaingiza palepale. Sasa kuna jamaa anauza programu ameniambia nikinunua yake habari ya kusahau inaisha. Wengine wananitajia QuickBooks, Zoho, Manager. Nichukue ipi? Au Excel inatosha ila kuna kitu sijaweka?

Fomula_Tu

Mkuu usitupe hela. Excel inatosha kabisa. Ingia `Review > Protect Sheet`, weka nywila unayoijua wewe peke yako, mchezo umekwisha. Hakuna atakayegusa kitu. Mimi nina maduka mawili Iringa mjini nafanya hivyohivyo.

Mzee wa Kiwira

Kijana wangu, kwani huna mashine ya EFD? Kama unatoa risiti za EFD, hesabu yako ipo ndani ya mashine, jioni unatoa ripoti ya Z unaona mauzo yote. Programu ya nini tena? Au unakwepa kodi ndiyo maana unauliza mambo ya Excel?

Wa Igurusi

Hapana mzee wangu, shikamoo kwanza. Mashine ipo na inatumika. Ripoti ya Z inanionyesha nilichouza siku ile. Haisemi nani kalipa deni la Januari.

Mzee wa Kiwira

Marahaba. Basi hapo sawa, nilielewa vingine.

Hesabu Kabwe

Nimefanya kazi za uhasibu wa maduka ya pembejeo na wanunuzi wa mpunga kwa muda, kuanzia Mbarali mpaka Makambako. Kabla hujachagua programu, tazama hapo uliposema droo na Excel vinakubaliana kila siku ilhali mkulima alilipa na malipo hayakuwepo. Vitu hivyo viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja, na vikiwa kweli kwa pamoja hiyo ni dalili. Simtuhumu kijana wako, inawezekana kabisa alisahau. Ila angalia hela ya mkulima yule ilikuwa wapi kwa wiki mbili. Kama angesahau tu kuandika, droo ya siku ile ingezidi. Je, ilizidi?

Nikueleze nilichokikuta kwenye duka moja, majina nayaacha. Mkulima wa kwanza alileta 300,000 taslimu. Muuzaji hakuandika, akatumia. Siku chache baadaye mkulima wa pili akaleta 350,000. Muuzaji akaziingiza kwenye Excel hivi: 300,000 kwa jina la mkulima wa kwanza, 50,000 kwa jina la wa pili. Droo ina 350,000, Excel inasema 350,000, bosi ametulia. Akaja wa tatu na 400,000. Hizo zikaandikwa 300,000 kwa mkulima wa pili na 100,000 kwa wa tatu.

Wamelipa jumla ya 1,050,000. Zilizoandikwa ni 750,000. Mkulima wa kwanza akaunti yake iko sawa, wa pili iko sawa, shimo la 300,000 limehamia kwa wa tatu, na litaendelea kuhama mpaka msimu wa malipo uishe. Picha ya droo haiwezi kukuonyesha hilo hata upigiwe kila saa, kwa sababu unalinganisha kilichoandikwa na kilichobakizwa kwenye droo, na vyote viwili viko mikononi mwa mtu mmoja.

Sasa weka programu yoyote hapo. QuickBooks Online ingepokea zile 300,000 na 50,000 vizuri kabisa, na ripoti ya madeni ingetoka nzuri kuliko ya Excel. Ila ingekuwa ya uongo vilevile.

Fomula_Tu

Ndiyo maana nasema funga shiti kwa nywila.

Hesabu Kabwe

Kaka, unafunga ipi? Muuzaji lazima aandike malipo, kwa hiyo visanduku vya malipo lazima uviache wazi. Utafunga fomula na vichwa vya safu, na hiyo ni kazi nzuri, inazuia mtu kufuta fomula kwa bahati mbaya. Lakini uongo unaingizwa kwenye visanduku vilivyo wazi. Halafu nywila ya `Protect Sheet` haisimbi faili. Mtu anayejua kompyuta kidogo anaiondoa. Inayosimba kweli ni ile ya kufungua faili lenyewe, na hiyo muuzaji utampa tu.

Fomula_Tu

Hapo kwenye visanduku vya wazi nakubali. Ila kwa maduka yangu yasiyokopesha imenisaidia.

Hesabu Kabwe

Duka lisilokopesha ni habari nyingine. Hapo pambana na stoo na droo, Excel ni sawa.

Mbao Mafinga

Kamwene wakuu. Na mimi naomba kuchomekea. Nauza mbao Mafinga, shida yangu siyo madeni, ni vipimo. Mbao moja inaingia stoo kama futi kumi na mbili, inapasuliwa, inatoka vipande viwili vya bei tofauti. Nilijaribu programu moja, stoo ikawa inasoma hasi mwezi mzima. Kuna mwenye programu inayoelewa mbao?

Hesabu Kabwe

Ndugu yangu wa Mafinga, fungua uzi wako nitakuja, maana hilo ni suala la kubadilisha bidhaa moja kuwa nyingine, na programu zinazofanya hivyo zinaita kazi ya uzalishaji. Tukilichanganya hapa tutampoteza mwenye uzi.

Wa Igurusi

Hesabu Kabwe, umenitisha. Nimerudi kwenye picha za WhatsApp. Siku ambayo mkulima anasema alilipa, droo haikuzidi. Ililingana.

Sitaki kumhukumu mtu mtandaoni. Niambie tu nifanye nini kuanzia kesho.

Hesabu Kabwe

Kesho usiguse faili la dukani na usimwambie mtu. Linakili kwanza kwenye simu yako au flashi, liandike tarehe, ulihifadhi. Kisha tafuta vitu viwili.

Kwanza, toa taarifa ya miamala ya Lipa Namba yako kwa Juni yote na uiweke kando ya malipo ya madeni. Kwenye taarifa ya mtandao wa simu malipo ni mzigo mmoja: 350,000 imeingia saa fulani kutoka namba fulani. Kwenye Excel ukikuta siku hiyohiyo hakuna 350,000 ila kuna 300,000 na 50,000 za watu wawili tofauti, hapo pana maswali. Kwa taslimu huna taarifa ya nje, kwa hiyo nenda kwa wakulima.

Pili, watumie salio. Siyo muuzaji awatumie, utume wewe kwa simu yako. Maneno machache: "Ndugu Fulani, kumbukumbu za duka zinaonyesha hadi 30/6 deni lako lililobaki ni 340,000. Kama si hivyo nipigie namba hii." Namba za wakulima zichukue kwenye karatasi walizosaini wakati wa kukopa, usichukue za kwenye Excel. Kuna duka lilikuwa na wakopaji ambao hawapo duniani, mifuko ilitoka, jina likaandikwa, namba ya simu ilikuwa ya shemeji wa muuzaji. Kumi kati yao wafuate shambani au piga uongee nao kwa sauti.

Ukishapata ukweli wa salio la kila mmoja, hapo ndipo tunaanza kuongea Excel au programu.

Muuza Duka Soweto

Mimi ni muuzaji wa duka, siyo mwenye duka, na naomba niwaseme kidogo. Kila uzi wa namna hii muuzaji ni mwizi. Bosi wangu mimi anapita jioni anachota laki mbili kwenye droo, "nitakuambia baadaye," hasemi. Mwisho wa mwezi hesabu haikai, nani anaulizwa? Mwambieni na yeye mwenye uzi kama huwa hachoti.

Wa Igurusi

Ha ha, dada unanitazama mimi? Huwa nachukua ya mafuta ya gari nikipeleka mzigo.

Muuza Duka Soweto

Inaandikwa wapi?

Hesabu Kabwe

Swali zuri, na asipolijibu hapa alijibu nyumbani. Bosi anayechota bila kuandika anampa muuzaji kisingizio ambacho hakuna mhasibu atakayekipangua. Fungua mstari unaoitwa "Amechukua mwenye duka", kila hela unayochukua iandikwe kwa risiti kama ya mteja, na wewe usaini. Inamlinda na yeye. Siku ikipungua, mnajua imepungua kwa nani.

Parachichi Rungwe

Ugonile. Nimesoma yote. Mimi nina kituo cha kukusanyia parachichi Tukuyu, hesabu nilihamishia Manager. Toleo la bure la kompyuta halihitaji intaneti, na hilo ndilo lililonivuta, maana kwetu mvua zikianza mtandao unakuwa wa kubahatisha. Lina ankara, lina stoo, lina akaunti ya kila mteja. Sijalipa hata mia.

Hesabu Kabwe

Ndaga. Ni programu nzuri, na kuna vitu viwili ambavyo Excel ya kawaida haina: unaweza kufunga tarehe kwa `Lock Date` ili miamala ya nyuma isibadilishwe, na kuna `History` inayoonyesha mabadiliko. Lakini toleo hilo la bure ni la mtumiaji mmoja. Anayekaa kwenye kompyuta ndiye mwenye vyote, pamoja na uwezo wa kurudisha tarehe ya kufunga nyuma. Kwako unayekaa mwenyewe kituoni ni sawa. Kwake yeye aliyeko Mbeya, na kompyuta iko Igurusi kwa mtu mwingine, kufuli na ufunguo vimekaa kwa mtu mmoja.

QuickBooks Online na Zoho Books zinatatua hilo kwa sababu kila mtu anaingia kwa jina lake, unachagua nani aone nini, unafunga vitabu kwa tarehe, na kumbukumbu ya nani kabadilisha nini inabaki. Kwenye QuickBooks Online ile `Audit log` huwezi kuizima hata ukitaka. Utalipa kila mwezi, utahitaji bando na intaneti iliyotulia. Na kitu kinachoharibu yote hayo ni kidogo sana: bosi anampa muuzaji nywila yake "uniingizie ile ankara mara moja". Kuanzia siku hiyo kumbukumbu inasema wewe ndiye uliyebadilisha.

Parachichi Rungwe

Hilo la mtumiaji mmoja sikulijua. Nashukuru.

Wa Igurusi

Sasa nielekezwe. Intaneti Igurusi ipo, siyo mbaya. Bajeti ya kulipa dola kila mwezi sina kwa sasa. Kuna njia ya katikati?

Hesabu Kabwe

Ipo, na kwa duka lako ningeanzia hapo. Mtenganishe anayeandika na faili linalohifadhi. Kijana asifungue tena shiti ya madeni kabisa.

Tengeneza Google Forms kwa akaunti yako. Maswali machache: aina (mkopo au malipo), msimbo wa mteja, namba ya risiti, tarehe ya risiti, kiasi, njia ya malipo. Kijana anajaza kwenye simu na kubonyeza kutuma. Majibu yanaingia kwenye Google Sheets yako ambayo yeye hukumpa ruhusa ya kuiona. Hakikisha `Allow response editing` imezimwa. Akikosea, haendi kufuta, anatuma mstari mwingine wa kurekebisha wenye namba ya risiti ileile na alama ya kutoa. Kosa linabaki linaonekana na sahihisho lake linaonekana.

Uzuri wake mkubwa ni safu ya `Timestamp`. Inajiandika yenyewe. Ile hadithi ya "nilisahau nikaingiza" sasa inaonekana: risiti ya tarehe 4, imeingizwa tarehe 18. Mtandao ukikatika siku moja, sawa, utaona zote za siku ile zimechelewa pamoja. Ukiona moja tu imechelewa wiki mbili, uliza.

Risiti nazo: nunua wewe vitabu vya nakala tatu vyenye namba zilizochapwa. Andika kwenye daftari lako kitabu kinaanza namba ngapi na kuishia ngapi, mpe kimoja kwa wakati. Iliyoharibika isichanwe, nakala zote tatu zibaki kitabuni. Kwenye shiti panga kwa namba ya risiti. Tofauti ya mstari na mstari ikiwa zaidi ya 1 na kitabuni hakuna iliyoharibika hapo, kuna risiti imetoka haijaandikwa. Mstari wa kurekebisha utaonyesha 0, huo ni wa kawaida.

Fomula_Tu

Hiyo ya fomu nimeipenda, naenda kuiweka. Ila bado mwenye shiti anaweza kujichanganya mwenyewe. Mimi nafanya hivi: kila mwisho wa mwezi naandika pembeni jumla ya madeni yote. Mwezi ujao nikitazama jumla ya mwezi ule ikiwa ileile, najua hakuna aliyegusa.

Hesabu Kabwe

Umefika karibu sana. Kasoro moja: mtu akitoa 300,000 kwa mkulima wa pili akazipeleka kwa wa kwanza, jumla haisogei hata shilingi. Na huo ndio mchezo wenyewe tunaouzungumzia. Linganisha kwa kila mteja.

Tuseme shiti inaitwa Miamala, tarehe ya risiti iko safu A, msimbo wa mteja B, kiasi E, mkopo ukiwa chanya na malipo hasi. Kwenye shiti ya Salio, A ni misimbo ya wateja na kisanduku H1 kina tarehe ya kufunga. B2 weka:

```
=SUMIFS(Miamala!$E:$E,Miamala!$B:$B,$A2,Miamala!$A:$A,"<="&$H$1)
```

Siku ya kufunga mwezi nakili safu B, bandika kwenye C kama thamani tupu, siyo fomula. Kisha D2:

```
=B2-C2
```

Mradi H1 haijabadilishwa, D yote iwe sifuri milele. Isipokuwa sifuri kwa mteja fulani, kuna aliyegusa au kuongeza kitu cha nyuma, na unajua ni akaunti ya nani. Safu C pia ichapishe au itume kwenye barua pepe yako, ili isije ikabadilishwa pamoja na B.

Wa Igurusi

Nimeijaribu sasa hivi kwenye nakala ya lile faili la dukani. Kuna wakulima wanne salio linatoka kubwa kuliko ninavyolijua, na nikihesabu mistari yao kwa macho malipo yapo! Fomula haiyaoni.

Hesabu Kabwe

Tazama tarehe za mistari hiyo. Zimekaa kushoto au kulia mwa kisanduku?

Wa Igurusi

Zingine kushoto. Moja imeandikwa 31/06/2025.

Hesabu Kabwe

Juni haina 31, kwa hiyo Excel imeiacha kama maneno, na `SUMIFS` ikiulizwa tarehe inaruka maneno. Hizo nyingine za kushoto nadhani ni kuanzia tarehe 13 kuendelea. Laptopu imewekwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi unaanza. Ukiandika 25/06/2025 inatafuta mwezi wa 25, inakosa, inaiacha maneno. Hiyo ni nafuu kwa sababu inaonekana. Ubaya uko kwenye 05/06/2025: inakubalika vizuri, inakaa kulia, ila imeshakuwa tarehe 6 Mei. Malipo ya Juni yanahesabiwa Mei na hakuna kinachopiga kelele.

Ongeza safu pembeni ya kukagua:

```
=ISNUMBER(A2)
```

Ikitoka `FALSE` tarehe hiyo siyo tarehe. Zilizogeuka siku na mwezi zilinganishe na risiti moja moja, hakuna njia ya mkato. Kwenye Google Sheets nenda `File > Settings`, badilisha `Locale` kabla hujaanza kuingiza chochote.

Mbao Mafinga

Asee, hii ya tarehe imenigusa. Nimetazama yangu, nina mauzo ya Desemba 2025 na tuko Julai.

Muuza Duka Soweto

Kwa hiyo kabla hamjamfukuza kijana wa watu, nusu ya "wizi" inaweza kuwa laptopu. Nilisema.

Hesabu Kabwe

Uko sahihi dada, kwa wale wanne. Lakini mkulima aliyesababisha uzi huu malipo yake hayakuwepo kabisa, tarehe haimhusu. Ni vitu viwili tofauti, asivichanganye.

Parachichi Rungwe

Mimi nauliza, kwa nini asiseme tu deni linalipwa kwa Lipa Namba peke yake? Taslimu marufuku. Hapo hakuna hata haja ya vitabu vya risiti.

Wa Igurusi

Nimewahi kulifikiria. Wazee wengi wa Usangu hawataki. Mnunuzi wa mpunga anawalipa taslimu shambani, ukimwambia aende kwa wakala aweke, kisha akulipe, na kwenye kulipa kuna makato, anaona unamzungusha. Halafu wengine hawalipi hela kabisa. Analeta gunia za mpunga, anasema kata hapo.

Hesabu Kabwe

Ningependa wengi walipe kwa simu, maana ni kumbukumbu isiyoandikwa na mtu wako. Ila kulazimisha wote utapoteza wateja, na atakayekataa atalipa taslimu kimyakimya kwa kijana, bila risiti, na hapo umejichimbia. Afadhali taslimu yenye risiti kuliko marufuku isiyofuatwa.

Gunia andika mara mbili. Mstari wa kwanza umenunua mpunga, kilo kadhaa kwa bei mliyokubaliana siku ile. Wa pili mkulima amelipa deni kwa thamani hiyohiyo. Pima kwa kilo, siyo gunia, lumbesa itakuua. Mkulima asaini kilo na bei.

Mzee wa Kiwira

Hapo kwenye bei ya siku ile sikubaliani nawe. Mimi nilikuwa nanunua mpunga miaka hiyo. Mkulima akileta Juni bei iko chini, mwezi wa kumi na mbili imepanda, anarudi anasema ulimpunja. Sisi tuliweka gunia stoo kwa jina lake, likiuzwa ndipo deni linakatwa.

Hesabu Kabwe

Mzee, hiyo ni haki zaidi kwa mkulima, lakini sasa mpunga ulioko stoo siyo wa duka, ni wa mtu. Ukioza ni hasara ya nani? Ukiibwa? Inabidi stoo ya pili kwenye kumbukumbu, ya mali za watu, isichanganywe na ya duka.

Mzee wa Kiwira

Tulikuwa na daftari lake. Lilikuwa jeusi, refu.

Fomula_Tu

Hiyo fomu inaweza kuwekewa picha ya risiti?

Hesabu Kabwe

Inaweza, kuna swali la kupakia faili, ila linamtaka anayejaza awe ameingia kwa akaunti ya Google, na picha zinajaza nafasi yako ya Drive. Mimi naomba picha kwa malipo ya kuanzia kiasi fulani tu. Nakala za karatasi usitupe hata hivyo, sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zikae miaka 5.

Wa Igurusi

Nimetuma meseji za salio kwa wakopaji wote leo mchana, kwa simu yangu. Mpaka sasa watatu wamepiga kusema si hivyo, na mmoja kapiga kusema anadaiwa zaidi ya nilivyomwandikia, Mungu ambariki. Wa watatu nawafuata kesho na karatasi zao. Kijana sijamwambia kitu zaidi ya kwamba kuanzia mwezi ujao tunatumia fomu na vitabu vipya vya risiti, na likizo yake aichukue wiki ijayo, dukani nitakaa mimi.

Muuza Duka Soweto

Na hela ya mafuta ya gari?

Wa Igurusi

Nimeiandikia mstari dada. Risiti ya kwanza ya kitabu kipya itakuwa ya kwangu.

Hesabu Kabwe

Wiki ya likizo ukiwa dukani, mkulima yeyote akija kulipa muulize mara ya mwisho alilipa lini na kiasi gani, kabla hujafungua shiti. Na wale watatu, ukiwakuta na risiti, tazama namba kabla ya kiasi. Kama namba hizo hazimo kwenye vitabu vya zamani vya duka, kuna kitabu kingine mahali.